Kuacha kazi nisome uzamili mwaka mmoja, au nisome jioni miaka miwili? Nisaidieni hesabu

Mizania (mleta mada)
Wakuu, habari. Nimepata nafasi ya uzamili na chuo kinataka nichague kabla ya Ijumaa ijayo: muda wote kwa miezi 12, ambapo kazi lazima niache, au jioni kwa miezi 24 huku naendelea na ajira. Kozi ni ileile, walimu ni walewale.

Nina miaka 34, ni mhasibu, nina mume na watoto wawili, mmoja ana miezi 7. Sitaki kuanika noti zangu hapa, kwa hiyo chukulieni mshahara wangu wa mwezi ni 10. Mume anaingiza kama 6. Nyumba inakula 11 kwa mwezi. Akiba tunayo 90. Ada yote ni 100, na nikisoma jioni naigawa miaka miwili. Nikimaliza, nafasi ninazozitazama zinalipa kama 13.

Moyo unataka nimalize haraka. Mume kasema, "Amua wewe." Hiyo kauli imenitia hofu kuliko angekataa.

Kobe_Mwendo
Jioni. Hata usijiulize. Nani anaacha mshahara mkononi siku hizi?

PigaHesabu
Ngoja nikufanyie hesabu dada. Muda wote: ada 100, mshahara unaopoteza 120, matumizi ya nyumba 132. Jumla 352. Jioni: ada 100 tu. Mjadala umekwisha, mod afunge uzi.

Daftari Jekundu
PigaHesabu, umemla ng'ombe mmoja mara mbili. Mshahara anaoupoteza ndio huohuo ungelipia matumizi ya nyumba. Ama uhesabu mshahara uliopotea, ama uhesabu pengo la nyumba linaloachwa wazi. Ukiweka vyote viwili unamtisha mtu bure. Halafu watoto watakula akisoma jioni na watakula akisoma mchana, hilo siyo gharama ya shule.

Na jioni siyo "100 tu". Kuna ada ya usajili kila mwaka, nauli ya ziada, na mtu wa kukaa na mtoto saa ambazo mama hayupo.

PigaHesabu
Sawa mwalimu, nimekosea. Basi weka wewe tuone.

Kijana wa Nyuma
Mimi nilifanya kazi ya muda nikiwa chuo, nilikuwa nafundisha watoto hesabu jioni. Inawezekana kabisa dada, tafuta kazi ya saa chache isikubane na masomo utafika.

Kobe_Mwendo
Kijana soma swali. Kazi anayo. Anatafuta masomo ya muda, wewe unampa kazi ya muda 😂

Kijana wa Nyuma
Aah. Nimesoma kichwa cha uzi tu.

Daftari Jekundu
Haya, nimekaa. Nimefanya kazi ofisi ya usajili wa wanafunzi miaka mingi, sasa nipo pembeni, kwa hiyo nitasema bila woga.

Muda wote kwanza. Kwa miezi 12 nyumba inakula 11 na inaingiza 6 za mume. Pengo ni 5 kila mwezi, yaani 60 kwa mwaka. Ongeza ada 100, unahitaji 160. Akiba ni 90. Unamaliza mwaka ukiwa na deni la 70. Tuseme kazi ya 13 umeipata siku ya pili baada ya kumaliza. Sasa kila mwezi mnabakiwa na 8, mwaka unaofuata mnakusanya 96. Ukifika mwezi wa 24 deni limelipika na mna 26 mkononi.

Jioni. Mnaingiza 16, mnatumia 11, mnabakiwa na 5 kila mwezi. Miezi 24 ni 120, na akiba yenu 90, jumla 210. Mnatoa ada 100, usajili wa mwaka wa pili tuuweke 5, nauli na mlezi 1 kila mwezi yaani 24. Mwezi wa 24 mna 81.

Kwa hiyo jioni iko mbele kwa 55. Lakini msishangilie bado.

Hiyo 55 inadhani atamaliza miezi 24. Wanaosoma jioni wanaomaliza kwa wakati niliwaona, ila hawakuwa wengi kiasi cha kumwekea mtu matumaini. Akichelewa mwaka mmoja, anakosa nyongeza ya 3 kila mwezi, hiyo ni 36. Nauli na mlezi zinaendelea, 12. Ada ya kuendelea kusajiliwa, tuseme 10. Jumla 58. Faida yote ya jioni imeyeyuka na imebaki kidogo ya kudaiwa.

Na upande wa pili nao: aliyeacha kazi akikaa miezi sita akitafuta nyingine, anapoteza 78. Huyo mwezi wa 24 badala ya kuwa na 26 anadaiwa 52.

Ada haina neno hapa, ni ileile pande zote. Unachochagua ni wapi uko tayari kuchelewa: shuleni, au mtaani ukitafuta kazi.

Mizania
Daftari asante sana. Mimi ni mhasibu na hii ya mwaka mmoja wa kuchelewa sikuiweka. Nimeona aibu kidogo.

Nyundo Mbili
Hesabu nzuri ila imeruka riba. Hilo deni la 70 atalitoa wapi? Benki inakopesha kwa kuangalia hati ya mshahara. Ukishaacha kazi hati huna. Lazima akope kabla hajaacha, na marejesho yanaanza mwezi unaofuata wakati kipato kimeshuka. Kaka yangu alifanya hivyo, akawa analipa mkopo kwa kutumia fedha za mkopo uleule. Alikuja kugundua amekopa 70 lakini ametumia 50 tu kwa shule.

Babu Kalamu
Kabla ya mkopo aulize ufadhili. Ufadhili mwingi unataka msomaji wa muda wote, wa jioni hawahesabiki. Mimi nilichagua jioni mwaka wa kwanza nikajifungia mlango mwenyewe. Muhula wa pili tangazo likatoka, sifa zote ninazo, nimekwama kwenye mstari mmoja.

Daftari Jekundu
Babu upo sahihi kwa mwingi wake, ingawa kuna wafadhili wanaohesabu krediti ulizosajili muhula huo, siyo jina la programu. Ukisajili mzigo unaofika kiwango chao unapokelewa. Na vyuo vingi vinakubali kubadilisha kutoka jioni kwenda muda wote kabla muhula haujaanza. Ulikaa kimya tu Babu.

Babu Kalamu
Sasa unaniambia leo? Miaka 11 imepita!

MamaPacha
Nimesoma jioni nikiwa na pacha wa mwaka mmoja. Wacha niseme kitu ambacho jedwali halisemi.

Kwenye kijitabu cha kozi waliandika krediti 180, na krediti moja walihesabu saa 10 za kazi. Nikaona 180 nikadhani ni alama. Kumbe ni saa 1,800. Kwa muda wote ni kama wiki 45 za saa 40, kazi kamili ya ofisini. Kwa jioni miaka miwili ni wiki 90 za saa 20.

Darasani nilikaa jioni mbili, saa tatu kila moja. Sita hizo. Zile 14 zilizobaki chuo hakikuniambia zitakaa wapi. Niliziweka alfajiri, saa kumi hadi kumi na mbili, siku za kazi. Hiyo ni kumi. Nne zilizobaki Jumamosi. Mpango mzuri sana kwenye karatasi. Pacha mmoja akipata homa wiki nzima ya alfajiri imekwenda, na wiki inayofuata siyo 14 tena, ni 24.

Mizania usijiulize kama una bidii. Chukua karatasi, andika hizo 14 zinakaa wapi, saa kwa saa, na mtoto wa miezi 7 ndani yake.

Kobe_Mwendo
Saa 20 kwa wiki? Mimi nilisoma kwa saa tano tu na nikafaulu.

MamaPacha
Kobe ulifaulu nini na ulimaliza lini?

Kobe_Mwendo
Mitihani nimefaulu yote.

MamaPacha
Nimeuliza ulimaliza lini.

Kobe_Mwendo
Bado tasnifu.

Nyundo Mbili
🤣🤣 Jina limeshatupa jibu.

Kobe_Mwendo
Chekeni tu. Mwaka wa nne huu. Na tatizo siyo uvivu. Darasa lina kengele, lina wenzako, lina mtihani wenye tarehe. Tasnifu haina mtu wa kukuita. Nilimaliza masomo ya darasani muhula wa tatu kama kila mtu. Halafu nikasema nipumzike wiki mbili. Wiki mbili zikawa msimu wa kazi nyingi ofisini. Niliporudi, msimamizi wangu alikuwa amehama chuo, nikapewa mwingine ambaye mada yangu hakuipenda, akataka nibadilishe. Nikaanza upya pendekezo la utafiti. Huyo wa pili anakutana na wanafunzi Jumatano saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi mimi niko kazini!

Naomba nibadilishe ushauri wangu wa kwanza. Sijui nibadilishe uwe nini.

Daftari Jekundu
Kobe ameeleza kwa kisa chake kimoja nilichokiona kwa miaka yangu yote. Wanafunzi wa jioni hawakuwa wanakwama darasani. Ukifungua mafaili ya waliochelewa, krediti 120 za darasani zimetimia, 60 za tasnifu ni tupu. Hizo 60 ni saa 600.

Kobe, angalia kanuni yenu ya ukomo wa usajili. Kila chuo kina idadi ya miaka ambayo ikipita usajili unafutwa, na wengine wanakufanya urudie hata masomo uliyofaulu kwa sababu yamezeeka. Uliza pia kama unaweza kutoka na stashahada ya uzamili kwa hizo 120. Siyo ulichoendea lakini siyo mikono mitupu.

Kobe_Mwendo
Nimeangalia. Ukomo miaka mitano. Nimepoa ghafla.

Mume wa Msomi
Mimi nipo upande wa pili wa meza. Mke wangu alisoma jioni. Nasoma uzi mzima, watu wanauliza saa 14 zitatoka wapi. Nitawaambia zilitoka wapi: zilitoka kwangu.

Nilikubali kwa moyo mmoja. Kilichonishinda ni kwamba hatukupanga nini hasa kinahamia kwangu. Tulisema "utanisaidia". Basi nikasaidia, yaani kila jambo mpaka niombwe. Na kuomba nako ni kazi. Tuligombana kwa sare ya shule kuliko kwa fedha. Mwaka wa pili tukaandika: kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, kuogesha, kulisha, daftari za shule na kulaza ni vyangu, yeye haulizi na haangalii. Kulitulia.

"Amua wewe" mimi pia niliisema. Nilikuwa namaanisha nakuamini. Yeye alisikia sitaki kulaumiwa. Muulize mumeo anamaanisha ipi.

Mizania
Mume wa Msomi, nimesoma nikanyamaza dakika kumi. Nitamuuliza leo.

Kijana wa Nyuma
Kwani ukisoma jioni cheti kinaandikwa "jioni"? Nasikia waajiri wanakidharau.

Babu Kalamu
Changu hakijaandikwa. Sijawahi kuulizwa.

Nyundo Mbili
Mimi nimeulizwa, ila kwa uzuri. Msaili aliuliza nilisomaje nikiwa kazini, nikajieleza dakika tano. Aliyeacha kazi yeye anaulizwa pengo la mwaka kwenye wasifu. Ila kwa fani za maabara ni tofauti, vifaa viko wazi mchana tu, jioni unasoma nadharia ya kitu ambacho hujakigusa.

PigaHesabu
Nimerudi na wazo, na safari hii nimehakiki. Mizania ni mhasibu, sawa? Wahasibu wanafunga hesabu kila mwisho wa mwezi. Dada, siku zile tatu nne za kufunga unatoka ofisini saa ngapi?

Mizania
Saa mbili usiku. Siku mbaya saa tatu. Na kufunga mwaka ni wiki tatu hivyo hivyo.

PigaHesabu
Basi hilo ndilo shimo. Kwa miezi 24 una funga-hesabu 24, na kila moja inakula wiki moja ya darasa. Robo ya vipindi! Vyuo vingine vinakataza kufanya mtihani kama mahudhurio yako yapo chini ya kiwango. Chukua ratiba ya chuo uilaze juu ya kalenda ya ofisi. Mitihani ya muhula ikiangukia kwenye kufunga mwaka, jioni imekufa kabla haijaanza.

Daftari Jekundu
Leo PigaHesabu umelipa deni lako la asubuhi. Hili la kalenda ni zito. Ila hiyo 24 umeivuta kidogo. Funga-hesabu 24 ni kwa miezi yote, likizo za chuo zikiwemo. Ukitoa zile zinazoangukia likizo zinabaki chache zaidi. Bado nyingi.

Nyundo Mbili
Kuna njia ya katikati watu hawajaitaja. Asome darasa jioni akiwa na ajira, halafu aombe likizo bila malipo miezi mitatu kwa ajili ya tasnifu tu. Miezi mitatu ni mishahara mitatu, yaani 30. Ukitoa kwenye ile 81 ya Daftari anabaki na 51. Bado yuko mbele ya aliyeacha kazi mwenye 26, na ile hatari ya 58 ameipunguza sana.

MamaPacha
Saa 600 ndani ya wiki 13 ni saa 46 kwa wiki. Anaweza, kama siku ya kwanza ya likizo anaanza kuandika. Mimi nilipata miezi miwili, mwezi wa kwanza wote nikasubiri kibali cha maadili ya utafiti. Nimekaa nyumbani bila mshahara nikisubiri kamati iketi. Ukitaka hiyo njia, pendekezo lipitishwe, kibali kitoke, na data ikusanywe ukiwa bado kazini. Likizo iwe ya uchambuzi na kuandika.

Kobe_Mwendo
Na ukitumia data ya ofisi yako omba ruhusa kwa maandishi, mapema. Mwenzangu bosi alimruhusu kwa mdomo, bosi akahamishwa, aliyekuja akasema takwimu hizo ni siri. Tasnifu ilikuwa sura ya nne.

Babu Kalamu
Hiyo likizo wanatoa wapi? Kwetu waliniambia niache kazi au nibaki kazini, hakuna mlango wa tatu.

Daftari Jekundu
Inategemea mkataba. Wengine wanatoa hata likizo yenye malipo, lakini unasaini kuwatumikia miaka kadhaa, ukiondoka mapema unarudisha. Kwa Mizania hilo lina sumu yake, kwa sababu zile 13 anazozitazama nadhani ziko nje ya ofisi yake ya sasa. Nakosea?

Mizania
Hukosei. Ziko nje.

Daftari Jekundu
Basi likizo ya mkataba inakurudisha kwenye 10 mpaka miaka iishe. Bila malipo ni ghali lakini huru.

Mume wa Msomi
Bado nasema mwaka mmoja mkali ni bora kwa ndoa kuliko miwili ya kuvutana. Mtoto wa miezi 7 baada ya miaka miwili hamtambui mama wa jioni.

MamaPacha
Napinga kwa nguvu. Pacha wangu wananitambua vizuri sana, hasa wakitaka kitu. Na mwaka mmoja mkali wenye deni la 70 siyo mwaka mtulivu.

Mume wa Msomi
Sikusema mtulivu.

Mizania
Nimerudi, majibu niliyoyakusanya siku mbili hizi.

Chuo: ukomo wa usajili ni miaka minne kwa jioni. Ada ya kuendelea baada ya miezi 24, kwa kipimo changu ni 12 kwa mwaka, Daftari ulikaribia. Kubadilisha kwenda muda wote kunaruhusiwa mara moja, kabla ya muhula wa pili. Msimamizi anapangwa muhula wa tatu, na nikiomba mtu anayekutana na wanafunzi Jumamosi "watajitahidi".

Kalenda: mitihani ya muhula wa kwanza iko wiki mbili baada ya kufunga mwaka. Ya muhula wa tatu imo ndani yake kabisa. PigaHesabu, nimekukumbuka nikiwa nimeshika kalamu nyekundu.

Ofisi: likizo bila malipo ipo, mwisho miezi miwili, na siyo wakati wa kufunga mwaka.

Mume: alimaanisha nakuamini. Halafu akasema pia hataki kulaumiwa. Vyote viwili. Tumeandika orodha ya vinavyohamia kwake, ameongeza viwili mwenyewe, amekataa kimoja.

Saa 14: nimezipata 11.

PigaHesabu
Hizo tatu zilizopungua ni saa 270 kwa wiki 90. Karibu nusu ya tasnifu.

Kobe_Mwendo
Mwache apumue.

Nyundo Mbili
Sasa miezi miwili ya likizo ni kama wiki 9. Saa 600 haziingii, ni 67 kwa wiki. Lazima theluthi ya tasnifu iwe imeandikwa kabla.

MamaPacha
Sura ya pili inaandikika darasani, dada. Kila insha ya moduli ielekeze kwenye mada yako. Mimi insha tatu ziliingia kwenye mapitio ya maandiko baada ya kuzifanyia marekebisho.

Daftari Jekundu
Uliza kwanza kanuni ya kunakili kazi yako mwenyewe. Vyuo vingine vinaadhibu ukirudisha maandishi uliyokwisha kupewa alama. Kusoma kulekule, hoja zilezile, sawa. Aya zilezile, hapana.

MamaPacha
Mh. Mimi nilishahitimu, usinichimbe.

Mizania
😂 Ijumaa saa kumi fomu inafungwa. Nina kisanduku kimoja cha kuweka alama na kalamu iko mkononi. Mtihani wa muhula wa tatu ndani ya kufunga mwaka, kuna aliyewahi kuahirisha mtihani mmoja kwa sababu ya kazi akakubaliwa?

Babu Kalamu
Niliomba. Walikubali ugonjwa na msiba, kazi hawakuikubali.

Kijana wa Nyuma
Kwetu walikubali kwa barua ya mwajiri.

Kobe_Mwendo
Kijana, safari hii umesoma swali?

Kijana wa Nyuma
Lote.